Kifundo kinabana, bega linachoma: kutafuta kosa kwenye kusimama kwa mikono na dipsi

Kijana mmoja alinijia na malalamiko mawili kwa mpigo. Akisimama kwa mikono, miguu ikiwa imeegemea ukuta, vifundo vya mikono vilimbana upande wa mgongo wa kiganja. Akishuka kwenye dipsi, lile zoezi la kujishusha na kujiinua kwa mikono kati ya mabomba mawili, bega la kushoto lilimchoma mbele, mahali ambapo mtu akiulizwa hunyoosha kidole papo hapo bila kupapasa. Alikuwa anasimama ukutani sekunde 20 na kupiga dipsi tano, siku sita kwa wiki.

"Kocha, niache lipi kati ya haya mawili?"

Nikamwambia asiache hata moja kwanza, anionyeshe. Bega na kifundo vikiuma, mahali panapouma na wakati panapouma hutuambia karibu kila kitu, na ukikimbilia kupumzika wiki mbili bila kuangalia, maumivu yataisha na kosa litakusubiri palepale.

Tuelewane maneno kidogo. Kifundo cha mkono ni pale pa kuvalia saa. Kiwiko, ingawa wengine hukiita kifundo kwa jina hilo, hapa ni pale mkono unapokunjika katikati. Kigasha ni kipande kilicho kati ya hivyo viwili. Na shina la kiganja ni ile sehemu nene ya kiganja iliyo jirani na kifundo.

Jambo la kushika mapema ni kwamba mazoezi haya mawili yanaliomba bega vitu vilivyo kinyume. Ukisimama kwa mikono, mikono imepita masikio na mabapa ya mabega yanatakiwa yapande juu, kana kwamba unaisukuma sakafu ikae mbali nawe. Kwenye dipsi mikono iko ubavuni, kiwiko kinaenda nyuma ya mwili, na mabapa yanatakiwa yakae chini, mbali na masikio. Mtu anaweza kuwa na bega zuri kwa hili na bovu kwa lile. Kifundo nacho hakibebi mzigo sawa: sakafuni hukunjwa karibu digrii 90 na uzito wote wa mwili uko juu yake, ilhali kwenye mabomba mawili ya dipsi, ukishika vizuri, kimenyooka. Kwa hiyo kifundo kikiuma sakafuni lakini kimya kwenye mabomba, tatizo ni mkunjo. Kikiuma kotekote, hapo ni udhaifu wa jumla au jeraha.

Vipimo vitatu kabla ya kubadilisha chochote

Cha kwanza ni cha vifundo. Simama, kutanisha viganja mbele ya kifua, kisha inua viwiko taratibu hadi vigasha viwe mstari mmoja ulionyooka, sambamba na sakafu. Kama mashina ya viganja yanaachana kabla hujafika, kifundo chako hakina digrii 90, na kila unaposimama kwa mikono sakafuni unakilazimisha kwa uzito wa mwili mzima. Yule kijana viganja vyake viliachana mapema kabisa, viwiko vikiwa bado vinaelekea chini.

Cha pili ni cha mabega juu ya kichwa. Lala chali, kunja magoti, bandika mgongo wa chini sakafuni na uhakikishe hauinuki. Sasa nyoosha mikono na kuipeleka nyuma ya kichwa mpaka iguse sakafu, viwiko vikiwa vimenyooka. Ikigusa, mabega yamefunguka. Isipogusa, au ikigusa kwa sababu mbavu zimechomoza na mgongo umeinuka, yamekaza. Ya kijana ilibaki juu kwa kimo cha ngumi moja.

Cha tatu ni cha dipsi, nacho hakina kushuka hata kidogo. Panda kwenye mabomba, nyoosha viwiko, sukuma mabega mbali na masikio, utulie. Hesabu sekunde mpaka mabega yaanze kupanda au mikono kutetemeka sana. Mtu aliye tayari kwa dipsi hutulia sekunde 30 bila shida. Kijana wangu mwenye dipsi tano alifika 12, halafu shingo ikapotelea mabegani. Kwa kweli hapo ndipo nilipoacha kushangaa kwa nini bega linamchoma.

Kifundo kinabana upande wa mgongo wa kiganja

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na lina sababu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kukaza, ambayo kipimo cha kwanza kimeshaionyesha. Ya pili ni vidole kutofanya kazi, na hii hata mwenye kifundo laini anaweza kuwa nayo.

Mtazame mtu mzoefu akiwa amesimama kwa mikono, lakini tazama vidole tu. Havijalala. Maungio ya katikati yameinuka kidogo, ncha zimebonyea sakafuni mpaka kucha zinabadilika rangi, na kila mwili unapotaka kupinduka upande wa mgongo, ncha zile hukandamiza na kuurudisha. Vidole ndivyo breki. Anayeanza huviacha vimelala kama glavu tupu, uzito wote unakaa kwenye shina la kiganja, na kifundo kinabanwa hadi mwisho wa mkunjo wake kwa sekunde zote alizosimama.

Kutofautisha ni rahisi. Piga magoti, weka viganja sakafuni chini ya mabega, halafu kandamiza sakafu kwa ncha za vidole huku ukisogeza mabega mbele taratibu. Maumivu yakipungua vidole vinapokandamiza, ulikosa breki. Yakibaki vilevile, kifundo kimekaza, na dawa ni kupunguza mkunjo kwanza: tumia vishikio vifupi vya sakafuni, au weka ubao mwembamba chini ya shina la kiganja ili liinuke sentimita mbili tatu na vidole vielekee chini. Kugeuza viganja nje kidogo tu nako husaidia baadhi ya watu. Vishikio lakini visiwe makao ya kudumu, maana kifundo kisichokunjwa kabisa hakitajifunza kukunjika.

Kazi ya kukijenga ni ya dakika tano, nayo hufanywa kabla ya mazoezi. Ukiwa bado umepiga magoti, sogeza mabega mbele hadi mvuto uonekane, rudi, mara 10. Geuza vidole vielekee magotini, rudia mara 10 kwa upole zaidi. Kisha kazi yenyewe: viganja sakafuni, inua mashina ya viganja huku vidole na maungio yake vikibaki chini, shusha polepole, mara nane, raundi mbili. Mwanzoni hii ifanye kwa magoti. Mtu akiweza raundi tatu za 10 kwa magoti bila kigasha kuungua, anasogeza magoti nyuma ili uzito uongezeke.

Yapo maumivu ya kifundo ambayo hayajengwi kwa mazoezi. Ukianguka juu ya kiganja na baadaye kinauma kile kibonde kilicho chini ya gumba upande wa kifundo, nenda ukapigwe eksirei hata kama hakijavimba sana. Pale kuna mfupa mdogo unaoweza kuvunjika kimyakimya na huchelewa kuunga ukipuuzwa. Ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati, au ya kidole cha mwisho na jirani yake, ni neva inabanwa: acha kuweka uzito kwenye kiganja kilichokunjwa, na ganzi isipoondoka muone daktari. Na maumivu ya upande wa kidole cha mwisho yanayokuja na mlio ukizungusha kigasha kama anayefungua kitasa, hayo nayo ni ya daktari.

Mwili unapinda kama ndizi

Ukisimama kwa mikono na tumbo likatangulia, miguu ikaning'inia nyuma, watu watakwambia kaza tumbo. Mara nyingi tumbo halina hatia. Bega lisipofunguka mpaka mkono ulingane na sikio, mwili lazima utafute mahali pengine pa kupinda ili miguu ibaki juu ya viganja, na mahali pepesi ni kiuno. Kipimo cha kulala chali kinaamua: mikono ikigusa sakafu vizuri ukiwa umelala lakini unapinda ukiwa kichwa chini, shida ni nguvu na mazoea, isipogusa, ni kukaza.

Waliokaza wapige magoti mbele ya kiti, waweke viwiko juu ya kiti, wakunje mikono kuelekea mgongoni na kushusha kifua kati ya mabega, mbavu zikiwa zimeingizwa ndani. Sekunde 40, raundi tatu. Hili hufunguka kwa miezi, si kwa siku.

Wenye shida ya nguvu wanahitaji kugeuka. Wengi husimama mgongo ukiangalia ukuta, wanarusha mguu, visigino vinagonga. Namna hiyo inakaribisha ndizi kwa sababu unaweza kuuegemea ukuta ukiwa umepinda na usianguke. Geuka tumbo liangalie ukuta, pandisha miguu kwa kutembea, mikono ikisogea kuelekea ukutani. Ukipinda hapa utajua mara moja, maana tumbo litagusa ukuta kabla ya vidole vya miguu. Ila kabla ya kukaribia kabisa, hakikisha unajua kushuka: kutembeza mikono kuondoka ukutani na miguu chini, au kugeuza mwili ubavu ukatua mguu mmoja baada ya mwingine. Vifundo vingi vimeumizwa na mtu aliyekuwa amesimama vizuri tu, akachoka, na hakuwa na njia ya kutoka.

Mabega yakichoma juu, karibu na mwisho wa mtulinga, angalia kama unasukuma sakafu. Ukizama kati ya mabega, mkono unalazimishwa juu bila bapa kuusindikiza. Sukuma hadi mabega yakaribie masikio. Mtu aliyezoea kuambiwa "shusha mabega" kwenye dipsi hulipeleka agizo hilo hadi kwenye kusimama kwa mikono, na hapo linakuwa kosa.

Bega linachoma mbele wakati wa dipsi

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi na yule kijana. Uliza kwanza: linachoma wapi katika safari ya kushuka na kupanda? Kama ni chini kabisa tu, unashuka kuliko bega lako linavyoruhusu. Kiwiko kikipita nyuma ya mwili na bega likawa limefika mwisho wake, kichwa cha mfupa wa mkono husukumwa mbele, na mbele ndipo inapopita kano ya baiseps. Unaweza kuliona: mtu akishuka, ncha za mabega zinabingirika mbele, kifua kinazama na mgongo unakunjamana. Kikomo changu kwa mwenye bega dhaifu ni mkono wa juu kuwa sambamba na sakafu. Bega likianza kubingirika kabla ya hapo, kikomo chako ni pale lilipoanza, hata kama ni nusu ya njia.

Kama linachoma safari nzima, au hata ukiwa umesimama juu tu viwiko vimenyooka, basi hakuna dipsi kwa sasa. Rudi kwenye kutulia juu.

Na dipsi za benchi, zile za mikono nyuma ya mwili na miguu mbele, zinapendwa kwa sababu zinaonekana nyepesi. Uzito ni mdogo kweli, lakini mikono imefungiwa nyuma yako na mwili hauna njia ila kulisukuma bega mbele. Simpi mwenye bega dhaifu zoezi hilo. Njia bora ya kupunguza uzito ni mabomba ya kawaida, miguu ikigusa sakafu au kisanduku mbele yako na kusaidia kadiri inavyohitajika.

Angalia pia upana. Mabomba yaliyo mbali sana huvuta viwiko nje na kulikaza bega mapema. Kigasha kikiwa wima, au kikipita nje ya mwili kidogo tu, panatosha.

Lipo lalamiko jingine ambalo wanaoanza dipsi hutisha nalo familia nzima: maumivu katikati ya kifua, kwenye kidari, pengine na mlio wakijinyoosha asubuhi. Ukikibonyeza kidari na maumivu yaleyale yakatokea, mara nyingi ni maungio ya mbavu yamepewa kazi nzito ghafla. Acha kushuka mpaka yatulie, kisha rudi kwa msaada wa miguu na kina kifupi. Lakini kifua kinachobana ukijitahidi, chenye kukosa pumzi, jasho baridi, au maumivu yanayokwenda taya au mkono, si suala la dipsi, na mtu asikae kukibonyeza kidari: atafute matibabu ya dharura.

Tulivyompangia

Siku sita zikawa tatu, kila moja ikifuatiwa na angalau siku moja ya kupumzika. Misuli hupata nguvu upesi kuliko kano, kwa hiyo wiki ya tatu mtu hujiona mzima na kutaka kurudi alikotoka, ilhali kano haijafika. Kanuni ya maumivu ilikuwa moja: kwa kipimo cha 0 hadi 10, mwisho ni 3 wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi kusiwe na ongezeko. Likiongezeka, siku inayofuata anarudi hatua moja.

Wiki nne za kwanza hakukunja kiwiko kwenye mabomba hata mara moja. Alitulia juu raundi tano za sekunde 10, akiongeza sekunde chache kila wiki, kisha akaachia mabega yapande na kuyasukuma tena chini, viwiko vikiwa vimenyooka, raundi tatu za nane. Upande wa kusimama kwa mikono aliweka miguu kwenye kiti, mikono kwenye vishikio, kiuno juu ya mabega, akasukuma sakafu sekunde 20, raundi nne. Vifundo vilipata zile dakika tano kila kikao. Alilalamika kuwa ni mazoezi ya wagonjwa. Sikubishana naye.

Mwisho wa wiki ya nne alitulia juu sekunde 26. Nilitaka 30, kwa hiyo tukaongeza wiki moja, jambo ambalo hakulipenda pia. Wiki ya sita akaanza kushuka: anapanda kwa miguu, anashuka kwa sekunde tano hadi mkono wa juu uwe sambamba na sakafu, anasimama, anapanda tena kwa miguu. Raundi nne za mara tatu. Kupanda kwa mikono kulikuwa marufuku. Siku hizohizo alianza kutembeza miguu ukutani, tumbo likiangalia ukuta, lakini akiishia njiani, mwili ukiwa umeinama. Kila wiki mikono ilisogea upana wa kiganja kuelekea ukutani.

Wiki ya saba bega likarudi kuchoma, 5 kwa kipimo chake. Nikamtazama: alikuwa anashuka vizuri mara mbili, na ya tatu anaporomoka sekunde mbili za mwisho, bega likibingirika mbele. Hatukubadilisha zoezi. Tulikata mara ya tatu, ikawa raundi sita za mara mbili, na sharti dogo: akishindwa kuhesabu tano kwa utulivu, raundi imeisha. Siku nane baadaye ilikuwa 1.

Wiki ya kumi vifundo vilirudi sakafuni, bila vishikio, ubao mwembamba chini ya shina la kiganja kwa wiki moja halafu bila ubao. Alipoweza kushuka kwa sekunde tano, mara tano mfululizo, bila bega kusogea, nikamruhusu kupanda. Dipsi yake ya kwanza iliyo kamili ilikuwa wiki ya kumi na moja, moja tu, kisha akashuka akacheka.

Wiki ya kumi na tatu alikuwa na dipsi nne safi kwa raundi tatu, pungufu ya tano alizoniletea. Ukutani alisimama sekunde 45, vidole vimebonyea, ila mikono ilikuwa bado haijafika nyuma ya masikio. Kwenye kipimo cha kulala ilibaki juu kwa unene wa vidole viwili. Kwa hiyo kuachia ukuta tukakuahirisha. Kazi ya kiti inaendelea, na kipimo tunakirudia kila baada ya wiki tatu.